Utambulisho Wangu Mbele ya Chiriku

Niseme mapema ili tusisumbuane: nilikuwa na wivu. Si ule wa kuona jirani kabadilisha mapazia. Ulikuwa wivu wa kutafuna chakula bila kujua unakula nini, na aliyenitia wivu huo ni msichana niliyemfundisha mimi mwenyewe jinsi ya kupokea kichwa cha mtoto kinapotoka.

Tulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Alipokuwa mwanafunzi kwenye wodi yetu ya wazazi, hakunyamaza hata akiosha vyombo. Mimi nilikuwa mkunga mwalimu, miaka kumi na tisa kazini, na nikitokea tu kwenye korido wanafunzi walikuwa wanavuta aproni zao zikae sawa. Miaka mitano iliyopita Chiriku aliondoka kwenda kufanya kazi nje ya nchi. Mwaka huu nikamfuata. Hospitali ileile, wodi ileile, tena yeye ndiye aliyenitumia tangazo la kazi na kunielekeza namna ya kujaza fomu. Hilo nalo lilinikera. Mtu akikufungulia mlango, kila ukipita unamkuta amesimama pale.

Siku moja kabla ya kuanza, mkuu wa wodi aliniita ofisini. Ni mwanamke mrefu, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni, anaongea polepole ili wageni tumwelewe. Akaniwekea mezani kijitabu chenye jalada la kijani. Alisema mkunga yeyote aliyesomea nje, hata awe na miaka thelathini kazini, anafanya kazi miezi mitatu chini ya msimamizi. Kila stadi imeandikwa humo: kupima mimba, kusikiliza moyo wa mtoto, kuzalisha, kutoa kondo la nyuma, kushona mchaniko. Ukifanya moja sawasawa, msimamizi anasaini. Kikijaa, baraza la wakunga linakupa leseni kamili. Kisipojaa, unarudi ulikotoka.

Nilielewa. Leseni kamili ndiyo iliyokuwa imeshikilia kila kitu changu. Bila hiyo nisingeruhusiwa kumleta Baba Pacha na watoto wetu, na tulishakubaliana wote wanne kwamba hatutaishi mbalimbali zaidi ya mwaka mmoja.

"Na msimamizi wangu ni nani?" nikauliza.

Mkuu akatabasamu kama mtu aliyekuandalia zawadi. "Tumekupa anayejua lugha yako."

Nilishukuru. Nilitoka na kijitabu changu cha kijani, nikaingia chooni, nikakaa juu ya kifuniko kwa muda. Chiriku atanisaini. Yule niliyemrudisha kunawa mikono mara tatu kwa siku moja, ndiye atakayesimama nyuma yangu na kalamu kuangalia kama najua kunawa.

Alikuwa ananisubiri nje ya geti, kabeba mfuko wa matunda.

"Shikamoo, Mwalimu!" Akapiga goti kidogo palepale njiani, watu wanapita.

"Marahaba. Umenenepa."

"Maisha, Mwalimu." Akacheka. "Sasa sikiliza. Kesho asubuhi, zamu ya usiku ikishakabidhi, utajitambulisha. Wote wanasikiliza. Hapa wanapenda ufupi: jina, ulikotoka, unachokijua vizuri, na jambo unalotaka usaidiwe. Hilo la mwisho usiliruke. Ukisema hutaki msaada wanaogopa, wanaona huyu atatuulia mtu. Nikusaidie kuandika?"

"Nitaandika mwenyewe."

"Au nikutambulishe mimi kwanza, halafu wewe umalizie? Lugha yao siku ya kwanza inakimbia, Mwalimu. Mimi siku yangu ya kwanza nilisahau hata jina la mama yangu."

"Nimesema nitaandika mwenyewe, Chiriku."

Akanipa matunda. Nikayapokea kwa mkono mmoja, na yeye akaona kwamba ni mkono mmoja.

Ninapoishi ni chumba kimoja cha mdogo wangu wa kike, yeye analala sebuleni kwa hiari yake na kunikumbusha kila siku kwamba ni kwa hiari yake. Jioni ile nilikaa kitandani na daftari. Niliandika utambulisho wangu kwa lugha yetu kwanza. Ulikuwa mzuri! Miaka kumi na tisa, watoto zaidi ya elfu nne, pacha waliokaa vibaya, akina mama waliofika mlangoni na mtoto keshatoka nusu. Kisha nikauweka kwa lugha yao. Nilipomaliza zilibaki sentensi tisa, zote fupi, zote zinaanza na mimi. Mimi ni mkunga. Mimi nimefanya kazi miaka kumi na tisa. Mtoto wa darasa la pili angeandika hivyohivyo.

Nikampigia Baba Pacha, nikamsomea.

"Sijaelewa hata neno," akasema, "lakini umesoma kwa ukali. Nimeogopa."

"Hakuna mzaha hapo, Baba Pacha. Watanilinganisha na yule mtoto."

"Basi watie mzaha wewe. Si ulikuwa ukimtania Chiriku mbele ya wageni wa wizara, mpaka wizara nzima inacheka? Mtanie. Wataona ninyi ni watu wa nyumba moja, na kwamba wewe ndiye mkubwa."

Hapo alinena. Kwetu mwalimu akikutana na mwanafunzi wake mbele za watu, lazima atamtania. Ni namna ya kusema huyu ni wangu, nimemlea. Mwanafunzi anainama, anacheka, anajisikia kapendwa. Nikaongeza sentensi ya kumi: huyu mwenzenu, siku ya kwanza kuona mtoto anazaliwa, alizimia, tukawa na wagonjwa wawili. Ilikuwa kweli na haikuwa na ubaya wowote. Nikairudia mbele ya kioo mpaka mdogo wangu akagonga ukuta.

Asubuhi chumba cha kukabidhiana zamu kilikuwa kidogo, viti vimepangwa kuzunguka meza, ubao mweupe ukutani wenye namba za vitanda. Tulikuwa kumi na wawili. Mkunga wa usiku alisoma kitanda kwa kitanda: huyu njia imefunguka sentimita sita, huyu shinikizo la damu limepanda, huyu ameshajifungua na anasubiri kushonwa. Niliambulia nusu yake. Wanaongea haraka, tena wanafupisha kila neno kana kwamba maneno yanauzwa. Chiriku alikuwa amekaa mkono wangu wa kulia, na kila nilipopotea alininong'oneza neno moja, lile hasa nililolihitaji. Sikumshukuru hata mara moja.

Nilichokuwa nikikiangalia ni jinsi walivyomwangalia. Aliingia kachelewa dakika moja, na badala ya kununa wakamsogezea kiti. Alisema kitu kuhusu mvua, wakacheka. Mkunga wa usiku alimwambia kuna mama wa kitanda cha nne aliyekataa kushikwa na mtu mwingine, anamsubiri yeye. "Anataka kulala ubavu, kama ulivyomwonyesha," alisema. "Ile njia yako."

Njia yake! Kumlaza mama ubavu na kumwekea mto katikati ya magoti, mtu mmoja amshikie mguu wa juu, nilimwonyesha mimi, kwa mikono yangu, mama wa kwanza akiwa shemeji yangu mwenyewe. Sasa imevuka mipaka na kupata mwenye mali mpya. Chiriku akafungua mdomo kusema kitu, lakini mkuu wa wodi alishapiga meza kwa kalamu.

"Leo tuna mwenzetu mpya," akasema. "Karibu. Jitambulishe."

Nikasimama. Wengine huwa hawasimami, nilikuja kujua baadaye. Nikataja jina langu, nikataja miaka yangu kumi na tisa, na watoto wangu elfu nne. Niliposema elfu nne mtu mmoja alipuliza mluzi wa mshangao, nami nikajisikia narudi kwenye kimo changu. Jambo la kusaidiwa nililiruka. Nikafika kwa Chiriku.

"Na huyu," nikasema, nikimwekea mkono begani, "alikuwa mwanafunzi wangu."

Wote wakageuka kumwangalia yeye. Nimesema mimi, nimesimama mimi, na macho ya wote kumi yakaenda kwake, yanatabasamu. Mmoja akapiga makofi. Chiriku akainamisha kichwa, anacheka tayari, anausubiri utani wake jinsi mtoto anavyosubiri pipi. Alijua utakuwa ule wa kuzimia. Aliuzoea.

Ile ya kuzimia ingewafanya wampende zaidi. Ningekuwa nimesafiri safari yote hii kuja kumpamba.

"Mwangalieni vizuri," nikasema, nacheka. "Mimi namjua. Siku moja alishona mama, akamwachia kitambaa cha shashi ndani. Mama akarudi siku ya tano, ananuka!"

Nikacheka. Nilicheka peke yangu, na nilisikia kicheko changu kikiishia mezani. Mkunga wa usiku, ambaye alikuwa ameanza kuvaa koti, akaliacha mkono mmoja umeingia na mwingine haujaingia. Chiriku hakuinua kichwa. Bega lake lilikuwa bado chini ya mkono wangu, na likawa gumu.

Mkuu wa wodi akavaa miwani. "Yule mama alipata madhara?"

"Hapana, hapana. Alipewa dawa. Alipona. Ni... tunacheka tu." Nilitafuta neno lao la utani, la kusema mtu anakusema kwa sababu anakupenda, na sikuwa nalo. Lakini nisijidanganye. Hata ningekuwa nalo, lisingenisaidia, kwa sababu siku hiyo sikuwa namtania kwa kumpenda.

"Iliandikwa popote?" akauliza.

Nikatoa mkono wangu begani kwa Chiriku.

"Tukutane ofisini," akasema. "Ninyi wawili."

Ofisini hakupandisha sauti. Alieleza kwamba katika wodi yake, jambo lolote la mama kudhurika likitajwa kwenye makabidhiano haliwezi kuachwa hewani, hata liwe la miaka mingi, hata liwe la nchi nyingine. Vitambaa vinahesabiwa na watu wawili, kabla ya kushona na baada ya kushona, na wawili hao wanasaini. Kosa lenyewe linaweza kusameheka, lakini mkunga aliyeficha kosa ni habari nyingine.

"Ni kweli?" akamuuliza Chiriku.

"Kitambaa kilibaki," Chiriku akasema. "Ni kweli."

"Ulipoomba kazi hapa tuliuliza kama umewahi kuhusika na tukio la namna hiyo. Hukulitaja."

"Sikulitaja."

"Wewe ulikuwa mwanafunzi. Nani alikuwa msimamizi wako? Nani alihesabu na wewe?"

Chiriku, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, hakusema neno. Aligeuka tu akaniangalia. Hakunitolea macho wala kunisihi. Aliniangalia kama mtu anayekupisha mlangoni, upite wewe kwanza.

"Ni zamani," nikasema. "Miaka saba. Sikumbuki vizuri."

Mkuu akatupa kila mmoja karatasi. Tuandike tunachokumbuka, tumletee kesho kabla ya makabidhiano. Mpaka hapo, Chiriku asiingie chumba cha kujifungulia. Aende kliniki ya chini kupima uzito wa wajawazito. Wadhifa wa kiongozi wa zamu, uliokuwa utangazwe wiki ile, ungesubiri. Mimi ndiyo kwanza nikajua kwamba alikuwa anapewa uongozi wa zamu. Na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Niliwaza: hata uongozi walishampa?

Sasa ngoja niwaambie ambayo sikuyasema ofisini.

Nakumbuka vizuri sana. Ilikuwa mchana, wodi imejaa, akina mama wawili wawili kitandani, mimi na wanafunzi watatu. Chiriku alimshona yule mama vizuri, mkono wake mwepesi tangu zamani. Alipomaliza alihesabu vitambaa mara mbili. Akaniita. "Mwalimu, tulianza na kumi. Naona tisa." Kitanda cha pili kulikuwa na mama anavuja damu. Nilimwambia, "Hujui kuhesabu. Ni kumi. Funga, twende." Akasema, "Mwalimu, naomba tuangalie tena." Nikamkata jicho. Nikachukua kalamu, nikaandika kumi, nikasaini.

Yule mama aliporudi siku ya tano, matroni alituita wote. Aliuliza nani alihesabu. Nikasema, mwanafunzi alihesabu vibaya. Matroni akamsema Chiriku mbele ya wodi nzima, mpaka wafagiaji walisimama kusikiliza, na Chiriku akatazama viatu vyake na kusema, "Nisamehe, Matroni." Hakunitaja, na mimi sikujitaja. Matroni alisema yaishe humohumo, wala hakuandika popote. Jioni ile nilimnunulia Chiriku soda, nikajiona nimemlipa.

Siku ile yote ya kwanza nilifanya kazi nikisimamiwa na mkunga mwingine, kijana mpole aliyekuwa akinionyesha kila kitu kwa vidole. Mama wa kitanda cha nne alijifungua mbele yangu. Kila uchungu ulipopungua aliuliza yule dada yuko wapi. Nilimlaza ubavu, nikamwekea mto, nikamshikia mguu, kila kitu sawasawa kuliko mtu yeyote wodini humo. Mtoto akatoka vizuri, wa kike, kelele tele. Mama akanishukuru kwa adabu, kisha akamuomba yule kijana, "Mwambieni yule dada kwamba amezaliwa." Hata hapo, ndugu zangu. Hata nikiwa nimemtoa mwenzangu chumbani kwa ulimi wangu, nilimwonea wivu kwa kuulizwa.

Jioni nilimweleza Baba Pacha. Nilimpa ile hadithi ya kwanza, ya mwanafunzi aliyesahau kitambaa. Nilimwambia watu wa huku hawajui utani.

Akaniuliza, "Mama Pacha, si ndiyo siku ile ulirudi hukula? Ukaniamsha asubuhi ukasema umemwonea mtoto wa watu?"

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Mimi nikakuambia mwombe radhi, ukasema utaomba."

"Nikiandika ukweli hawatanipa leseni. Hamji. Wewe hutakuja, watoto hawatakuja."

"Na usipoandika?"

"Yeye atapoteza kazi."

Nilisubiri aniambie la kufanya, ili baadaye nimlaumu. Hakuniambia. Alisema pacha wanasalimia, mmoja kavunja jagi, na kila mmoja anasema ni mwenzake. Kisha akasema chakula chao kinapoa, akakata simu.

Ile karatasi ilikuwa na mistari ishirini. Nilikaa nayo kitandani. Nilikuwa na njia nyingi za kuijaza bila kusema uongo: wodi ilijaa, kulikuwa na mama anavuja damu, hesabu haikwenda sawa. Kwa lugha yetu ningekuandikia kurasa tatu za namna hiyo na ungenionea huruma. Lakini kwa lugha yao sikuwa na maneno ya kujificha. Nilikuwa na maneno ya mtoto wa darasa la pili: mimi, yeye, alisema, nilisema. Ukiwa na hayo peke yake, jambo linabaki lilivyokuwa. Niliandika mistari mitano.

Asubuhi nilimpelekea mkuu. Akasoma amesimama, halafu akakaa, akasoma tena.

"Nitalazimika kulipeleka baraza la wakunga," akasema. "Kijitabu chako kitasimama mpaka wajibu. Inaweza kuchukua miezi. Na sijui watajibu nini."

"Najua."

"Umefanya vizuri kuandika."

"Naomba kusema mbele ya wale wale," nikasema. "Jana nilisema mbele ya watu. Karatasi iko kwenye faili lako, lakini maneno yangu yako vichwani mwao."

Akafikiri. "Siwezi kukulazimisha, wala si utaratibu. Lakini siwezi kukuzuia."

Wengi walikuwa wale wale wa jana, na Chiriku alikuwepo, kaitwa kutoka kliniki, kakaa karibu na mlango upande wa pili wa meza. Kiti cha kulia kwangu kilikuwa kitupu. Vitanda vilisomwa. Hakuna aliyeninong'oneza, na nilipotea kuanzia kitanda cha pili. Mkuu akanipa ishara.

Safari hii sikusimama. Sikuwa na karatasi.

"Jana nilijitambulisha vibaya," nikasema. "Najitambulisha tena. Mimi ni mkunga. Nilikuwa msimamizi wake. Alihesabu vitambaa, vikawa tisa. Aliniambia. Nikamwambia ni kumi. Aliniomba tuangalie tena. Nilikataa. Nilisaini mimi. Mama alipoumwa, nilisema kosa ni lake. Si kweli. Kosa ni langu. Na jana nilisema tena, kwa sababu mnampenda."

Lile la mwisho sikuwa nimepanga. Lilitoka. Ndiyo sentensi pekee niliyoisema kwa lugha yao siku ile bila kuitafuta.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Kisha mkunga wa usiku, yule yule wa koti, akanyoosha mkono juu ya meza na kumshika Chiriku kiganja. Mwingine akamzunguka, akamkumbatia mabega kwa nyuma. Mkuu akasema Chiriku arudi chumba cha kujifungulia leo hii. Viti vikasogezwa, watu wakainuka, na mimi nikabaki nimekaa, nawaangalia wamemzunguka. Nilidhani nikisema ukweli ule wivu utatoka. Haukutoka. Ulikaa palepale, unawaangalia pamoja nami.

Nilimkuta kwenye korido anafunga aproni. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Kama nitasema ukweli wote, nilikuwa nimejiandaa pia kwa shukrani.

"Chiriku, mwanangu," nikasema. "Nisamehe. Nilipaswa kusema miaka saba iliyopita."

Alimaliza fundo la aproni kwanza.

"Ile ya miaka saba niliisamehe kitambo, Mwalimu," akasema. Alikuwa anaongea polepole, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Uliogopa. Ungefukuzwa, pacha walikuwa wadogo. Nilijiambia, huyu ni mama wa watu, na mimi ni mwanafunzi, nitavumilia. Ningeandika kwenye ile fomu ya kazi, ningelazimika kukutaja. Sikutaka."

"Najua, mwanangu."

"Hujui. Ya jana hukuwa umeogopa kitu. Jana ulikuwa unacheka."

Kengele ya kitanda ikalia. Akaniacha, akaenda kwa hatua zile za haraka nilizomfundisha mimi, za kutokimbia lakini kufika. Mlango ulipofunguka nikasikia sauti ya mama ikisema jina lake kwa furaha, halafu ukajifunga.

Nilisimama pale na mikono mitupu, kwa sababu sikuwa na ruhusa tena ya kugusa mgonjwa. Nilimwonea wivu, bado. Lakini si kwa kupendwa, wala kwa lugha, wala kwa ile zamu waliyotaka kumpa. Nilimwonea wivu kwa sababu yeye ana mtu wa kumlaumu, na mtu mwenyewe ni mimi.